Salamu Zilizokula Salio

Kazi ya kuandika meseji ilimfaa Vumilia kwa sababu haikumtaka afungue mdomo. Mteja akiingia katika duka la dawa za mifugo la Godfrey, nyuma ya soko la Gitega, yeye alikuwa mtu wa kuinama chini ya kaunta akitafuta kitu ambacho hakijapotea, mpaka Godfrey, patroni wake, amalize kusalimiana na mgeni. Lakini mbele ya kompyuta maneno yalimjia bila kumwonea haya. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka ule wakimbizi waliporudishwa Burundi kutoka Tanzania, akakuta huku masomo ni ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili alichokuja nacho kutoka kambini ndicho Godfrey alichokitaka.

Godfrey naye alikuwa mrudi kutoka ukimbizini. Huko Tanzania alikuwa ameona jinsi tone moja la chanjo kwenye jicho la kuku linavyozuia kideri, ule ugonjwa unaopita kama moto na kuacha banda tupu, na aliporudi akaamua kuwaletea wakulima hiyo chanjo kila baada ya miezi michache. Alianzia Ryansoro na Buraza, karibu na duka. Kisha akakumbuka kwao Butihinda, kule Muyinga, karibu na mpaka, akaweka chupa zake kwenye friji ya mama mmoja mfanyabiashara wa mjini Muyinga aitwaye Kadidja, na kumpa kijana wa pikipiki aitwaye Longino kazi ya kuzipeleka vilimani, kama vijiji vinavyoitwa huko, na kudondosha matone.

Ugumu wa kazi hii ulikuwa mmoja. Kichupa cha chanjo kinatosha kuku wa kilima kizima, na kikishachanganywa hakilali. Lazima kiishe siku hiyo hiyo. Na kuku wa kienyeji akishafunguliwa alfajiri, nani atamkamata? Kwa hiyo kilima chote kilitakiwa kisifungue mabanda asubuhi ya siku moja, wote pamoja, mpaka Longino apite. Hiyo ndiyo sababu ya meseji. Kijana mmoja wa Bujumbura, Crispin, alimtengenezea Godfrey programu ya kompyuta: unaandika maneno, unapanga tarehe, na siku ikifika programu yenyewe inaikabidhi ile meseji kwa kampuni inayozisambaza kwenye simu za wateja. Longino alipata yake, wateja walipata zao, na kuku walibaki ndani. Kampuni ilikuwa inalipwa kabla, kama vile mtu anavyoweka vocha kwenye simu.

Mwanzoni kuna watu waliofungia kuku siku wanayojitakia, wakamsubiri Longino hadi mchana, wakamtukana. Godfrey akaweka sheria, naye Vumilia akaiandika na kuirudia mpaka ikakaa vichwani: bila ujumbe, usifungie. Ukiona kimya, ujue siku haijafika.

Meseji za kwanza aliziandika Crispin mwenyewe. CHANJO JUMAMOSI. FUNGIA KUKU. Wateja hawakuzipenda. Mama Jovina wa Butihinda, ambaye kule kambini alimlisha Vumilia miezi yote mama yake alipokuwa mgonjwa, alipiga simu akacheka kwa hasira.

"Mwanangu, ni nani huyo anayeniamrisha kwenye boma langu bila hata hodi? Amenitisha. Nilidhani ni polisi."

Vumilia alicheka naye, halafu akakaa chini na kuziandika upya. Aliamkia kwanza. Akauliza habari za watoto, za maharage, za mvua. Ndipo akaingia kwenye chanjo, akataja siku, akaeleza kwa upole kwamba tafadhali kuku wasifunguliwe, na mwisho akamwombea mteja baraka na banda lijae. Watu walizipenda meseji hizo. Buraza walizisoma kwa sauti mbele ya majirani. Mzee mmoja wa Ryansoro alikuja dukani kumtazama tu huyo anayeamkia vizuri hivyo, na Vumilia akainama chini ya kaunta akatafuta kitu.

Hakuna aliyemwambia kwamba salamu zina bei. Hakuna aliyejua kwamba angehitaji kuambiwa.

*

Siku Jovina alipopiga simu tena, duka lilikuwa limejaa. Chanjo ya Ryansoro na Buraza ilikuwa imefanyika vizuri, na watu walikuja kununua dawa za minyoo wakishukuru kwa sauti. Simu ililia mfukoni mwa Vumilia. Akageukia ukutani ili asisikike.

"Vumilia, mbona kimya? Mahindi yamekomaa. Mara ya mwisho tulichanja nikiwa nayapanda."

Vumilia alitazama kompyuta. Chini ya Butihinda, mbele ya jina la Jovina na mbele ya majina yote, neno lilikuwa limekaa kwa rangi ya kijani: Imetumwa.

"Imeshatumwa, mama. Labda simu yako imejaa. Futa meseji za zamani, itaingia."

"Zote?"

"Zote, mama. Ikipata nafasi itaingia."

Nyuma yake mwanamume mmoja alikuwa anagonga kaunta kwa sarafu. Mwingine alisema, "Huyu dada ana mchumba, tusubiri amalize." Watu wakacheka. Uso wa Vumilia uliwaka moto. Alisema, "Haya mama, nitakupigia," akakata.

Hakumpigia. Na hakumtajia siku. Tarehe ilikuwa mbele ya macho yake kwenye kioo, Jumamosi, neno fupi ambalo hata mbele ya watu wale lingetoka kinywani kabla hajakata simu. Baadaye neno hilo alilisema mara nyingi peke yake, akiosha vyombo, akifagia duka, kana kwamba bado kuna mtu upande wa pili wa simu.

*

Kadidja ndiye aliyeleta habari. Alikuwa mama wa mjini, muuza vyakula na vitambaa, na simu yake haikuwa na salamu ndefu.

"Allo, Vumilia? We binti, mi nauliza, hii chanjo yenu iko inalala kwa frigo yangu mpaka lini? Frigo yangu si hoteli."

"Chanjo gani, mama Kadidja?"

"Ya Butihinda. Chupa zote ziko hapa, hata moja haijatoka."

Vumilia aligeukia kompyuta. Jumamosi ile ilikuwa imepita zamani. Tangu hapo maharage yalishavunwa na kupigwa. "Longino hakuja kuchukua?"

"Longino anasema hakuitwa. Mi nikamwambia we ni mvivu, yeye akakasirika. Anasema chanjo imekwisha Gitega, ndiyo maana mmenyamaza. Bon, sikia sasa. Leo watu wa Butihinda wamekuja hapa, wengi, wote wanatafuta dawa ya kuku anayeharisha kijani. Wanasema shingo zinapinda, kuku anazunguka kama mlevi, anaanguka. Mi si daktari. Lakini hiyo iko kideri, binti. Hiyo iko kideri kabisa."

Vumilia alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwita Godfrey kutoka stoo. Godfrey alitazama kioo, akaona Imetumwa, Imetumwa, Imetumwa, kutoka juu hadi chini.

"Zimetumwa hizi," alisema.

"Longino hakupata, patroni. Na Jovina hakupata. Alinipigia. Nikamwambia simu imejaa."

Walimpigia Crispin. Aliweka simu mbali kidogo, wakamsikia akibonyeza vitufe.

"Ngoja. Hiyo mnayoangalia ni programu yangu. Mi naingia kwenye akaunti yenyewe, kule kwa kampuni ya meseji." Akabonyeza tena. Kisha akashusha pumzi. "Ah. Salio limekwisha. Imebaki kidogo, haifiki hata kwa meseji moja. Limeisha baada ya Buraza."

"Hawatoi onyo?" Godfrey aliuliza.

"Wanatoa. Wametuma. Wametuma kwa imeili niliyofungulia akaunti, ile ya kazi yangu ya zamani. Pale niliondoka, sina tena njia ya kuifungua."

Vumilia, ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza maswali, alisogea karibu na simu. "Kaka Crispin, mbona hapa imeandika imetumwa?"

"Hilo ni kosa langu, dada. Programu inaipeleka meseji kwa kampuni, inasikia kuna jibu limerudi, basi inaandika imetumwa. Haikuwa inasoma jibu linasema nini. Na jibu lilikuwa: tumekataa, hakuna salio. Leo hii nitarekebisha. Ikikataliwa itaandika nyekundu, na onyo litakuja kwenye simu yenu."

"Tukilipa sasa hivi, zile za Butihinda zitaenda?"

"Zipi?"

"Zile zilizokataliwa."

"Hapana. Hazikukaa foleni mahali popote. Kampuni ilizikataa pale pale, basi. Mnaandika mpya."

Vumilia alimfikiria Jovina ameshika simu yake ndogo ya vitufe, anafuta meseji moja baada ya nyingine, anatengeneza nafasi kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo.

Godfrey alikuwa bado anapiga hesabu kichwani. "Lakini kile tulicholipa kilikuwa kitufikishe mwisho wa mwaka. Ulisema mwenyewe."

Crispin alijibu, "Kwa meseji fupi, ndiyo. Meseji ikipita herufi mia na sitini wanakata salio la mbili. Ikizidi tena, tatu. Hizi zenu za siku hizi, pamoja na watoto na maharage na baraka, kila moja ni tatu." Kisha haraka, kana kwamba amesikia alichokisema, "Si kosa, zimeandikwa vizuri. Ningewaambia mapema. Hamkuniuliza, nami sikuwaambia."

Hakuna aliyemlaumu Vumilia. Godfrey alifunga simu, akamtazama, akaenda kusimama mlangoni akiangalia barabara. Angemgombeza ingekuwa afadhali.

*

Salio liliwekwa siku hiyo hiyo. Vumilia alifuta salamu, akafuta mvua na maharage na baraka, akabakiza maneno machache: Jumamosi ni chanjo. Tafadhali msifungue kuku. Aliituma kwanza kwenye simu yake mwenyewe, na ilipolia mkononi hakufurahi. Kisha akawatumia Butihinda, na safari hii akawapigia pia Longino na Kadidja kwa sauti. Jina la Jovina alilifikia akalipita. Hakuweza kumpigia.

"Nataka niende," alimwambia Godfrey.

Godfrey alikuwa anapanga maboksi. "Nenda. Longino atahitaji mtu wa kumshikia kuku. Wengine bado wazima, tuwawahi." Akaendelea kupanga, kisha akasema bila kugeuka, "Wakikuuliza, sema ni mtandao. Kila mtu anajua mtandao wa hapa. Hawatauliza mara mbili."

"Lakini haukuwa mtandao, patroni."

"Najua haukuwa mtandao." Akageuka. Hakuwa amekasirika; alikuwa amechoka. "Vumilia, kule ni kwetu. Mama yangu amezikwa kule. Nikiambiwa niliua kuku wa kilima kizima kwa sababu sikuweka vocha, nitapita wapi?"

Vumilia hakujibu. Mara nyingi watu walidhani kunyamaza kwake ni kukubali, na Godfrey naye akadhani hivyo.

Mafuta yalikuwa adimu, na ilimbidi asubiri sana kupata gari la kupitia Karusi. Alifika Muyinga jua limeelemea, akamkuta Kadidja ameketi mlangoni pa duka lake, mtandio mabegani, anapepeta mchele.

"Ndiyo we?" Kadidja alisema. "Kwa simu nilidhani ni mtu mkubwa. Karibu. Ulikula?"

"Ndiyo, mama."

"Unadanganya. Kula."

Alimpa wali na maharage, akamtazama anavyokula. Longino alikuja na pikipiki yake, akasimama nje, akakataa kuingia.

"Mwambie huyu mama anitake radhi," alimwambia Vumilia. "Aliniita mvivu mbele ya watu wa soko."

"Na mi nitaomba radhi ya nini? Ulikuwa unakaa tu!"

"Nilikuwa nasubiri meseji!"

"Na mi nilikuwa nakusubiri we!"

"Mlisema bila ujumbe tusitoke," Longino alimgeukia Vumilia. "Si ndivyo mlivyosema?"

"Ndivyo tulivyosema," Vumilia alisema.

Wote wawili wakamwangalia. Kadidja aliacha kupepeta. "Haya, baba," alimwambia Longino, kwa sauti nyingine kabisa, "wewe si mvivu. Ingia, kula."

*

Kesho yake, siku moja kabla ya chanjo, Longino alimshusha Vumilia kwenye kijia cha kwa Jovina, yeye akaendelea kukagua mabanda ya juu ya kilima. Vumilia alipiga hodi kabla hajafika, kama inavyotakiwa. Sauti ya kuku haikumjibu. Boma la Jovina lilikuwa boma la kelele siku zote. Kuku wake walikuwa na kishungi, wote, tangu mama yao mmoja aliyevuka mpaka kutoka Tanzania ndani ya kikapu, juu ya lori la warudi, mapajani mwa Jovina. Watu walimcheka wakati ule: wengine wamebeba mabati na milango, yeye amebeba kuku. Lakini karibu kila msichana aliyeolewa kilimani hapo alitoka na kifaranga cha kishungi, na mtu ukimwona kuku huyo njiani ulijua ametoka kwa Jovina.

Jovina alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage. Alimwona, akasimama, akamkumbatia.

"Mwanangu! Umekuja kunipa pole."

"Nimekuja, mama."

"Wamekwisha. Wote. Wa mwisho alikufa hapa, juu ya miguu yangu. Nimewachimbia kule nyuma, shimo moja." Alimvuta akaketi. "Na anayestahili kunipa pole haji. Anapitia njia ya bondeni ili asinione."

"Nani, mama?"

"Theodosia." Alionyesha kwa kidevu boma la jirani, ng'ambo ya kijia. "Alitoka sokoni Kobero na jogoo. Mimi nikamwambia, Theodosia, jogoo wa sokoni mfungie kwanza, umwangalie. Akasema ndiyo, ndiyo. Keshokutwa yake nikamkuta kwenye banda langu. Yule jogoo ndiye alianza kufa. Nimemwambia mbele ya watu, pale bombani: umeniletea msiba nyumbani kwa makusudi, kwa sababu mtoto wako alipoolewa sikumpa kifaranga."

"Kwa makusudi, mama?"

"Nilisema hivyo." Jovina aliangalia maharage yake. "Nilisema na mengine."

Vumilia alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Sasa yalimponyoka yote, likabaki lile la Godfrey, limekaa tayari mdomoni, laini, rahisi: mtandao. Jovina angetikisa kichwa. Angelaani mtandao, wangelaani wote wawili, na angempikia. Na Theodosia angeendelea kupitia bondeni.

"Mama," alisema, na sauti ikatoka ndogo sana. "Kuku aliyechanjwa, hata jogoo mgonjwa akilala naye banda moja, si rahisi afe."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nachanja kila mara. Lakini safari hii siku haikufika."

"Ilifika."

Jovina aliacha kuchambua.

"Siku ilifika, mama, ikapita. Meseji hazikutoka. Kule tunalipia kabla, kama vocha, na vocha iliisha baada ya kuwaandikia wa Buraza. Kompyuta ikaandika imetumwa. Ulipopiga simu nilikuwa naiangalia, nikaona imetumwa, nikaamini. Nikakwambia ufute."

"Nilifuta."

"Najua, mama."

"Nilifuta zote. Hata ile ya mwanangu Adriano, ya siku alipopata mtoto. Nilikuwa naitunza. Nikasema, Vumilia amesema itaingia." Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu vitu alivyobeba. "Kila asubuhi naiangalia simu kabla ya kufungua banda. Naona kimya. Nasema, haya, siku haijafika, nafungua."

"Vocha iliisha kwa sababu yangu. Meseji zangu zilikuwa ndefu. Zile salamu. Zilikuwa zinakatwa mara tatu. Sikujua."

"Zile salamu nilizokuomba mimi."

"Hukuniomba, mama. Ulicheka tu."

Jovina hakulia, na hakumgombeza. Alizirudisha punje za maharage alizoshika ndani ya ungo, moja moja. Alipoongea tena, hakumwita mwanangu.

"Kwa nini hukunipigia?"

Hilo ndilo swali ambalo Vumilia alikuwa ameliogopa kuliko yote. Angesema duka lilijaa. Angesema watu walimcheka. Mbele ya banda lile, maneno hayo yalikuwa madogo kiasi kwamba aliona aibu hata kuyafikiria.

"Sijui, mama. Nilisema nitapiga, sikupiga."

Jovina alisimama, akafunga kitenge chake vizuri. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa Theodosia. Uyaseme haya haya. Nikienda peke yangu hataniamini."

Walivuka kijia. Theodosia alikuwa anafua na binti zake, na wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekaa kivulini. Walipomwona Jovina waliacha kuongea. Vumilia alitamani kungekuwa na kaunta ya kuinama chini yake. Hakukuwa na kitu. Palikuwa na uwanja uliofagiwa na macho ya watu. Akayasema. Aliyasema tangu mwanzo, vocha na neno la kijani na simu ya Jovina aliyoikata, na sauti yake ilipopotea alirudia neno, akaendelea hadi mwisho.

Theodosia alisikiliza akikamua nguo. Alipomaliza kuikamua akaianika, akainyoosha.

"Na wangu walikufa vilevile," alisema. "Au mlidhani wangu walikuwa wa mbao?"

"Pole, mama Theodosia."

"Asante. Wewe umekuja, asante." Alimgeukia Jovina. "Jogoo nilimleta mimi, hilo sikatai. Ulinionya, nikazembea. Lakini ile ya makusudi, Jovina. Ile uliyosema kuhusu mtoto wangu. Ile hukuambiwa na simu."

"Hapana," Jovina alisema. "Ile niliisema mimi."

"Basi."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimesikia." Theodosia aliinama kwenye beseni lake. "Niache kwanza. Bado inaniuma."

Jovina alisubiri neno jingine. Halikuwepo. Wakarudi. Walipofika Jovina alipika, akampakulia Vumilia, akampa mahali pa kulala. Lakini hakumuuliza habari za Gitega, wala za mama yake, na alipomaliza kula alitoa simu yake kwenye pindo la kitenge akaiweka juu ya mkeka kati yao.

"Jina langu litoe huko kwenye kompyuta," alisema.

"Mama, tumerekebisha. Sasa ikikataliwa itaandika nyekundu."

"Sikatai. Waandikie wengine. Mimi nikipata kuku tena, kama nitapata, utanipigia. Nikusikie."

"Nitakupigia, mama."

"Ulisema hivyo."

*

Jumamosi asubuhi Vumilia alimkuta Longino juu ya kilima na boksi lake la barafu. Umande ulikuwa bado kwenye majani ya migomba. Habari ilikuwa imefika, kwa meseji na kwa midomo, na kila boma walilopita walisikia kuku wakilalamika ndani, wakigonga milango, wakitaka kutoka. Katika maboma mengine walikuta wachache tu waliobaki. Longino aliwaambia wenye kuku kwamba anayeonyesha dalili hawezi kumwokoa, na huyu mzima naye chanjo itamlinda tu kama ugonjwa haujamwingia tayari, na atahitaji siku kadhaa. Hakuwaficha. Vumilia aliingia ndani ya mabanda akipiga magoti kwenye mbolea, akatoa kuku mmoja mmoja, akamshika mabawa, akageuza kichwa chake upande, na Longino akadondosha tone kwenye jicho, akasubiri lipepese.

Watu waliuliza ilikuwaje. Kila walipouliza alijibu, na hakusema mtandao. Wengine waligombeza, na mmoja akamwambia hataki tena dawa zao. Wengine walisema pole na kumletea chai. Alipokea yote kwa namna moja.

Walipofika kwenye kijia cha kwa Jovina, Longino alipunguza mwendo kwa mazoea, akaanza kusimamisha pikipiki. Siku zote boma hili ndilo lililomchelewesha, kuku walikuwa wengi mno.

"Hapa wako wangapi leo?" aliuliza, mkono tayari kwenye mfuniko wa boksi.

Mlango wa banda ulikuwa wazi, jua la asubuhi limeingia hadi ukuta wa nyuma. Jovina alikuwa uani anafagia, njia ameipa mgongo. Hakugeuka.

"Tupite," Vumilia alisema.